Ekari mbili kabla ya mvua: trekta, ng'ombe au jembe?

Kila Januari swali ni lile lile kwa wateja wetu wa Kericho na Bomet. Mahindi ya mwaka jana yameshavunwa, mabua yameshaliwa na ng'ombe, na kuna kipande cha ekari mbili hivi, kando ya majani chai, kinachongoja kulimwa kabla ya mvua ya Machi. Je, uite trekta, utafute mwenye ng'ombe wa kulima, au uchukue vibarua na majembe?

Wengi huamua kwa kuuliza bei ya ekari moja. Sisi tunaona hapo ndipo hesabu inapoharibika. Msimamo wetu ni huu: kwa shamba la ekari mbili kwenye miteremko ya chai, ng'ombe ndio wa kwanza kufikiriwa, trekta liitwe pale majirani wanapolima pamoja, na jembe libaki kwa sehemu ambazo hao wawili hawafiki. Lakini usikubali kwa sababu tumesema. Fuata hesabu.

Bei si ya ekari, ni ya shamba lililo tayari

Mtu wa trekta akikuambia "elfu tatu na nusu kwa ekari", anazungumzia kulima mara ya kwanza tu. Udongo utabaki na mabonge makubwa. Mbegu ya mahindi haioti vizuri katikati ya mabonge, kwa hivyo utalipa tena kupiga haro. Mwenye ng'ombe naye hulima mara mbili: ya kwanza kupasua, ya pili kulainisha. Na kibarua wa jembe akishachimba, kuna siku nyingine za kuvunja mabonge na kuokota mizizi.

Tuchukue bei za mfano, wewe uweke za kijijini mwako. Trekta: kulima shilingi 3,500 kwa ekari, haro 2,500. Ekari mbili ni 12,000. Ng'ombe: mara ya kwanza 2,500 kwa ekari, mara ya pili 2,000. Hiyo ni 9,000. Ongeza watu wawili kwa siku mbili wa kuvunja mabonge na kuokota nyasi, kila mmoja 400 kwa siku, unafika 10,600.

Sasa jembe. Mtu mmoja mwenye nguvu, akitumia jembe au foku jembe, humaliza ekari moja kwa siku kama 20 za kazi, na zaidi kama kuna sangari nyingi. Ekari mbili ni siku 40. Kwa 400 kwa siku ni 16,000. Weka siku nyingine 16 za kulainisha, ni 6,400. Jumla 22,400, na bado hujahesabu chai na chakula cha mchana.

Kwa hivyo jembe, ambalo watu huliita njia ya maskini, ndilo ghali kuliko yote ukiajiri. Ni rahisi tu kama mikono ni ya nyumbani na muda upo. Na tofauti kati ya trekta na ng'ombe kwenye mfano wetu ni shilingi 1,400. Hiyo si pesa ya kuamulia. Kinachoamua ni mambo mawili: umbo la shamba lako, na tarehe utakayopanda.

Shamba lenye umbo la ukanda

Angalia mashamba ya kwetu. Ardhi imegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na kila mmoja alitaka kufika barabarani juu na mtoni chini. Matokeo yake ni vipande vyembamba vinavyoshuka mlima. Tuseme chako kina upana wa mita 40 na urefu wa mita 200 kutoka juu hadi chini. Hiyo ni mita za mraba 8,000, karibu ekari mbili kamili, maana ekari moja ni mita za mraba 4,047.

Trekta lenye plau ya diski tatu hupasua upana wa kama sentimita 80 kila likipita. Dereva akilima kukata mteremko, yaani akitoka ua hadi ua, kila mstari ni mita 40 tu na atahitaji mistari 250. Maana yake atageuza trekta mara 250. Akilima kutoka juu kwenda chini, kila mstari ni mita 200 na mistari ni 50. Atageuza mara 50. Kila kugeuka kukichukua nusu dakika, njia ya kwanza inamla zaidi ya saa mbili za kugeuka peke yake, na ya pili inamla dakika 25. Dizeli ni yake. Unafikiri atachagua gani?

Tena hata kama ungemlipa zaidi, kuna hatari. Trekta likikata mteremko mkali, gurudumu moja likiwa kwenye mfereji na lingine juu, linaweza kupinduka. Dereva anajua hivyo, kwa hivyo anashuka moja kwa moja. Si kwamba ni mtu mbaya. Shamba lenyewe ndilo linamlazimisha.

Lakini ona anachokuachia: mifereji 50 iliyonyooka kuelekea mtoni. Kericho ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi Kenya. Mvua kubwa ya Aprili ikipiga, maji hufuata mifereji hiyo, yanabeba udongo mwekundu wa juu, yanabeba mbolea uliyonunua, na mara nyingine yanabeba mbegu pia. Mwezi wa Mei utaona mahindi ya juu yana manjano na ya chini kabisa yamezikwa na matope. Watu husema mbolea ilikuwa feki. Mara nyingi mbolea ilikuwa sawa, imelala mtoni.

Ng'ombe wao hawana shida hiyo. Plau yao hukata sentimita 20 hivi, kwa hivyo kwenye shamba letu la mfano watatembea kama kilomita 40 kulima mara moja. Inaonekana ni mwendo mrefu, lakini jozi nzuri hulima karibu nusu ekari kwa asubuhi moja, kutoka alfajiri hadi jua linapokuwa kali. Ekari mbili ni asubuhi nne. Wanageuka mahali padogo, wanakata mteremko bila kuhatarisha mtu, na mifereji inabaki imelala kama ngazi ndogo zinazoshika maji.

Pima mteremko wako kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Chukua kamba ya mita 10, vijiti viwili vya urefu sawa, na pimamaji ya fundi. Mmoja asimame juu, mwingine chini, na yule wa juu ashushe kamba kwenye kijiti chake hadi pimamaji ionyeshe iko sawa. Kiasi alichoshusha ndicho mteremko. Kama ni mita 1.2 kwa kamba ya mita 10, hiyo ni asilimia 12. Chini ya hapo trekta linaweza kukata mteremko kama nafasi ipo. Juu ya hapo, sisi tusingeliita kwa kipande chembamba, na ni vizuri kuwe na matuta ya fanya juu au mistari ya nepia kushika udongo. Kanuni za zamani za matumizi ya ardhi nchini zilikataza kabisa kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Kama una pembe kali hivyo karibu na mto, iachie nyasi au miti.

Tarehe ndiyo inayolipa

Jambo la pili ni siku. Mahindi ya nyanda za juu, kama yale ya H614, hukaa shambani miezi sita au zaidi. Hayawezi kungoja. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Miaka ya 1950, mtafiti H. F. Birch aliyekuwa Muguga alionyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa na mvua ya kwanza hutoa naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Hiyo ni mbolea ya bure. Mche ulio na mizizi wakati huo unaikamata. Aliyechelewa wiki tatu anakuta mvua zimeshaizamisha chini, na analazimika kununua kwa gunia kile alichokuwa nacho bure.

Kwa hivyo lengo ni kuwa na shamba tayari mwishoni mwa Februari, mbegu na mbolea zikiwa ndani ya nyumba. Ukirudi nyuma kutoka hapo, kulima kwa kwanza kuwe kabla ya katikati ya Januari. Kisha acha wiki tatu au nne. Jua la Januari likaushe sangari iliyopinduliwa, magugu mapya yachipue, halafu mara ya pili uyaue.

Hapa trekta lina mtego wake. Mwenye trekta hataki kuja kwako mara mbili kwa ekari mbili. Atakuambia, "Nikupigie yote leo, plau na haro, nimalize." Ukikubali, haro inakatakata mizizi ya sangari ikiwa bado mbichi, na kila kipande kinaota. Shamba linapendeza jioni hiyo. Baada ya wiki nne ni kijani kibichi, na palizi yako imeongezeka maradufu.

Kuna pia suala la foleni. Trekta hupenda kazi kubwa. Mwenye ekari 20 kule Narok akipiga simu, wewe mwenye ekari mbili za kuzunguka mabonde unaambiwa "kesho". Kesho inakuwa wiki. Mvua inaingia, na sasa trekta linakuja kwenye udongo uliolowa. Hapo ni afadhali lisije. Uzito wake unaukandamiza udongo, na diski inapaka tabaka la chini kama mtu anayepaka simenti. Mizizi ya mahindi inafika hapo inakunja.

Jembe nalo lina adui wake, na adui huyo ni majani chai. Mvua zikianza, chai inachipua kwa haraka na kila mwenye shamba anatafuta wachumaji. Kibarua anayelipwa kwa kilo hawezi kuacha chai yenye majani mengi aje akuchimbie kwa siku. Kama unategemea vibarua, kazi iishe Januari na Februari. Machi hutawapata, ama utawapata kwa bei nyingine.

Ng'ombe nao wana mipaka yao, tusijidanganye. Kwenye ukanda wenyewe wa chai, watu wengi siku hizi hufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi, na jozi za kulima mara nyingi hutoka sehemu za chini kama Chepalungu na Sotik. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, hawatembei. Pia ng'ombe waliokonda hawavuti. Waone kabla ya kukubaliana: kama mbavu zinahesabika, hiyo nusu ekari kwa siku itakuwa robo. Na shamba lililolala miaka mitatu, lililoshikana nyasi, litawashinda. Hapo trekta lifungue mara ya kwanza, ng'ombe waje mara ya pili.

Lini trekta linashinda

Rudi kwenye ule ukanda wa mita 40. Tuseme majirani watano wana vipande vinavyofanana, bega kwa bega. Pamoja ni upana wa mita 200 na urefu wa mita 200, ekari kumi. Ghafla trekta linaweza kukata mteremko kwa mistari ya mita 200, likigeuka mara 250 kwa ekari kumi nzima badala ya kwa ekari mbili zako peke yako. Mwenye trekta anapata kazi ya siku, haendi Narok, na yuko tayari kurudi mwezi unaofuata kwa haro. Hata bei inashuka kidogo ukizungumza naye vizuri.

Masharti ni matatu. Mteremko uwe chini ya ile asilimia 12. Kati ya vipande kusiwe na ua hai au mtaro, ila mipaka ya mawe au vijiti ambavyo mnaweza kuviweka alama na kuvirudisha. Na wote wawe wamemaliza kuvuna siku moja. Lile la tatu ndilo huvunja wengi: jirani mmoja bado ana mahindi yamesimama, na wanne wanamngoja. Likishindikana, msiburute hadi Machi. Kila mtu atafute ng'ombe.

Kabla hujatuma pesa

Hapa ndipo tunapoona malalamiko mengi zaidi, maana pesa ikishatoka kwenye simu yako mabishano yanakuwa magumu.

Kwanza, kubalianeni kipimo. "Ekari" ya dereva na ekari yako si lazima ziwe sawa. Pima mwenyewe kwa kamba: mita 64 kwa mita 64 ni ekari moja na kidogo. Andika ujumbe mfupi kwa mwenye trekta au mwenye ng'ombe: ukubwa, bei ya kila mzunguko, kulima kukata mteremko, na kina. Akijibu "sawa", una makubaliano.

Pili, malipo ya mwanzo yawe ya dizeli au ya nauli tu, si ya kazi nzima. Ukitaka kutuma, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba yako ya siri. Kama jina si la yule mliyezungumza naye, simama. Matangazo ya "trekta lipo Litein, tuma ya mafuta" kwenye makundi ya WhatsApp yameshachukua pesa za watu, na trekta lenyewe halikuwepo. Mwenye trekta halisi hakasiriki ukimwomba akuonyeshe shamba alilolima wiki jana.

Tatu, usilipe salio kabla ya kutembea shambani na kijiti. Beba fimbo nyembamba, weka alama ya sentimita 20 kwa trekta au 15 kwa ng'ombe. Kina hupimwa kwenye ukuta wa mfereji, kutoka ardhi ambayo haijalimwa hadi chini, wala si kutoka juu ya udongo uliopinduliwa. Udongo uliopinduliwa huvimba na hudanganya. Kisha katisha shamba ukichoma fimbo kila hatua mbili. Ikizama, sawa. Ikigonga mahali pagumu baada ya sentimita tano, hapo diski iliruka, na udongo wa mstari wa pembeni ukafunika. Dereva anayeinua plau ili aokoe dizeli hukamatwa hivyo, na afadhali akamatwe akiwa bado shambani.

Nne, asubuhi ya kazi chukua udongo kutoka kina cha sentimita 15, uukaze mkononi, uangushe. Ukivunjika vipande vipande, lima. Ukibaki donge, au ukinyooka kama utepe unaong'aa, rudisha watu nyumbani. Siku mbili za kungoja jua ni nafuu kuliko msimu wa udongo uliokandamizwa.

Pesa itoke wapi

Januari ni mwezi wa karo, na hiyo ndiyo sababu wengi hulima Machi. Hawakosi ng'ombe wala trekta, wanakosa pesa siku ile zinapohitajika. Lakini kwa mkulima wa chai kuna mlango. Bonasi ya KTDA huingia karibu na Oktoba. Kwa mfano wetu, shilingi 10,600 zikitengwa siku hiyo kwenye akaunti ya kufunga, zikafunguka wiki ya kwanza ya Januari, umeshamaliza. Afadhali zigawe mara mbili: 5,000 zifunguke Januari kwa kulima mara ya kwanza, 5,600 zifunguke katikati ya Februari kwa mara ya pili na vibarua.

Kukopa kwenye simu kwa kazi hii hatukushauri, hata kama sisi wenyewe tuko kwenye biashara ya pesa za simu. Mkopo wa siku 30 unataka kurudishwa Februari, na mahindi yako yatavunwa baada ya Septemba. Hizo tarehe hazikutani. Kama hukuweka kitu Oktoba, lima ekari moja vizuri Januari kwa ng'ombe, halafu ya pili fungua kwa jembe na mikono ya nyumbani, asubuhi kwa asubuhi. Watu wawili wakianza tarehe tano Januari, kila mmoja akifanya siku kumi za kazi, hiyo ekari imefunguka kabla Februari haijaingia, na hujalipa mtu shilingi.